Tarehe nane, mwezi wa nane, saa nane

Ijumaa ile ya Nane Nane nilikuwa zamu ya mchana, wodi ya wazazi. Kliniki ya wajawazito ilikuwa imefungwa kwa sababu ya sikukuu. Kila nyumba hapa Morogoro ina mtu aliyekwenda maonyesho, na bodaboda wote wamehamia upande wa viwanjani. Nilipopita kwenye korido kufuata shuka nikamkuta mama mmoja amekaa peke yake kwenye benchi la kliniki, mbele ya mlango wenye kufuli. Pembeni yake kuna kipochi cha plastiki, chupa ya maji na kichupa kidogo alichokizungushia kitambaa.

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba, mama. Unamsubiri nani?”

“Nakusubiri wewe. Si mmeniambia saa nane?”

Akanionyesha simu. Ujumbe ulikuwa wangu, nimeuandika kwa kidole changu mwenyewe siku tatu nyuma: “Kumbuka kliniki tarehe 08/08 saa 8:00. Njoo na kadi, mkojo wa asubuhi na mwenza.” Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika tano mchana. Alikuwa amewahi.

Nimeandika makosa mengi humu, lakini hili nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kuliandika, maana ni makosa matatu ndani ya mistari miwili.

Nianze na saa, ambalo ndilo la aibu zaidi. Ratiba yetu ya zamu imechapwa kwa saa za kompyuta, na mimi nikanakili “8:00” kama ilivyo. Mtu anayeisoma kwa macho ya ofisi anaona saa mbili asubuhi. Mama aliyekaa nyumbani kwake anasoma saa nane, na saa nane ni mchana, jua likiwa limeanza kuinama. Hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi, niliyesahau kwamba saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Tangu siku hiyo sitaki kuona nukta mbili na sifuri kwenye ujumbe wa kliniki. Ni “saa 2 asubuhi”, na neno asubuhi haliachwi hata nafasi ikibana.

La pili ni tarehe. Huyu mama hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari 2025. Ukiongeza siku saba na miezi tisa unapata tarehe 17 Oktoba, na hiyo ndiyo tarehe tuliyomwandikia ya kutarajia kujifungua. Siku hizi tunakwenda kwa mahudhurio manane: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Alikuja wiki ya 26, tarehe 11 Julai, na mimi nikahesabu wiki nne mbele nikaandika 8/8/2025 kwenye kadi bila kunyanyua macho. Kalenda ilikuwa ukutani nyuma yangu. Nane Nane haihami, iko tarehe hiyo hiyo kila mwaka, na bado nikaipita.

Mtu angesema ni jambo dogo, ungemrudisha nyuma siku moja, Alhamisi tarehe 7. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Tarehe 11 Julai alimeza mbele yangu vidonge vitatu vya SP, ile dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, na ilikuwa dozi yake ya pili. Kati ya dozi moja na nyingine zisipungue wiki nne. Alhamisi ingekuwa siku ya 27, kwa hiyo angekuja, angepimwa, angerudi bila dozi, na ningelazimika kumwita tena. Tarehe ikiangukia sikukuu, kwa mama anayemeza SP, unaisogeza mbele. Yeye alipaswa kuandikiwa Jumatatu tarehe 11 Agosti tangu mwanzo. Ukisogeza moja, na inayofuata inasogea: wiki yake ya 34 inatimia Ijumaa tarehe 5 Septemba, lakini kutoka tarehe 11 Agosti hadi hapo ni siku 25 tu, hivyo nayo inabidi ihamie Jumatatu tarehe 8. (Sikukuu za mwezi mwandamo ndizo zinazotutesa zaidi. Hizo naziandika kwa penseli.)

Nilimwambia twende wodini. Nikamkalisha kama dakika kumi kwanza, kwa sababu alikuwa ametembea kipande kirefu baada ya kukosa bodaboda, na presha ya mtu anayehema haisemi kweli. Ilikuja 118/76. Mtoto anacheza, mapigo ya moyo yanasikika vizuri. Halafu akanikabidhi kile kichupa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Mkojo wa asubuhi, kama nilivyoagiza. Ulikuwa umekaa humo tangu alfajiri, na kichupa kilikuwa cha mafuta ya nywele.

Hilo ndilo kosa la tatu. Kwenye mkojo tunatafuta hasa protini, kwa sababu protini pamoja na presha ya juu ni dalili ya kifafa cha mimba. Mkojo uliokaa saa nyingi kwenye joto hubadilika, na kile kijiti cha kupimia kinaweza kugeuka rangi na kudanganya kwamba kuna protini. Sabuni au mafuta yaliyobaki kwenye chupa nayo yanavuruga. Nikampa kikopo safi chetu akaenda chooni, na kijiti hakikubadilika. Sasa jiulize, kama ningetumia kile cha mafuta kikaonyesha protini, huyu mama angelala hospitali usiku ule na roho juu, chanzo kikiwa sentensi yangu. Mkojo hauletwi kutoka nyumbani. Unatolewa pale pale, kwenye kikopo tunachompa sisi, na kwenye orodha ya vitu vya kubeba hauna nafasi.

Na mwenza je? Nilimuuliza taratibu. Yuko machimboni, atarudi Desemba. Aliogopa nitamfukuza. Mwenza tunamhitaji zaidi hudhurio la kwanza, wakati wa kupima wote wawili na kushauriwa pamoja, na akija mengine ni heri. Ukiliandika neno hilo kwenye kila ujumbe, asiye na mwenza karibu anabaki nyumbani, au anatafuta njia. Nimewahi kumwona dereva bodaboda mmoja akiwa mume wa wajawazito wawili ndani ya wiki moja, na alijibu maswali yote kwa ufasaha.

Usiku ule, baada ya zamu, nikakaa na daftari nikaandika upya kila kitu tunachomwambia mama abebe, nikajiuliza kila kimoja ni cha nini. Kadi imebaki ya kwanza. Faili la mjamzito anatembea nalo mwenyewe, ndilo lenye kundi la damu, chanjo za pepopunda na dozi za SP, na akishikwa na uchungu akiwa safarini, hiyo kadi ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake. Cha pili ni vidonge vya kuongeza damu vilivyobaki, pamoja na pakiti yake. Hiki hatukuwa tukikiandika kabisa. Tulikuwa tunauliza “unameza dawa?” na kila mama anajibu ndiyo, angejibuje? Vidonge vyenyewe havina adabu ya namna hiyo, ukivihesabu vinasema. Cha tatu ni maji ya kunywa, kwa sababu SP humezwa mbele ya muuguzi, na ndoo yetu ya maji ina kikombe kimoja kinachozunguka kinywa kwa kinywa. Kanga ya kutandika kitandani sikuiandika. Sijaona mama wa Morogoro akitoka bila kanga.

Majina ya dawa nayo nimeyaacha nje kwa makusudi. Namba nyingi kwenye rejista yetu ni za waume, mama wakwe, wakati mwingine za jirani mwenye simu. Mama anayetumia dawa za VVU pamoja na kotrimoksazoli hapewi SP, kwa hiyo ujumbe ukisema “utameza SP” kwa mmoja na usiseme kwa mwingine, umeshamtangaza. Ujumbe uwe ule ule kwa wote. Na kabla ya kuandika namba yoyote sasa namuuliza mama simu ni ya nani na kama anataka tuitumie. Wawili wamekataa, nikawaandikia kwenye kadi tu, kwa herufi kubwa.

Nikaubana hadi ukaingia kwenye ujumbe mmoja wa herufi 160, maana ukizidi unakatika vipande viwili na salio la simu ya kituo linakwenda mara mbili. Huu hapa, una herufi 155 pamoja na nafasi:

“Mama, kliniki ni JUMATATU tarehe 11 mwezi wa 8. Fika saa 2 ASUBUHI. Njoo na kadi, vidonge vilivyobaki na maji ya kunywa. Ukiona dalili ya hatari usisubiri.”

Sentensi ya mwisho ilinigharimu muda kuliko zote. Tarehe iliyoandikwa ina nguvu ya ajabu. Mama anatokwa na damu siku ya Jumatano, anasema kliniki yangu ni Jumatatu. Kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, mtoto hachezi tangu jana, naye anahesabu siku. Dalili zenyewe haziingii zote kwenye ujumbe, tunazitaja kwenye somo la asubuhi, lakini neno “usisubiri” lazima liwepo.

Saa ya kufika nayo tumeigawa. Zamani wote tuliwaambia saa mbili, wakaja arobaini kwa pamoja, wa mwisho akaonwa saa saba akiwa na njaa. Sasa saa 2 ni ya wanaokuja mara ya kwanza, ambao vipimo na ushauri wao ni mrefu, na ya wale wanaokaa mbali wenye usafiri wa asubuhi tu. Wa marudio wanaokaa karibu nawaandikia saa 4. Mganga mfawidhi hakuipenda sana, anasema watachanganyikiwa. Tunajaribu hadi mwisho wa mwezi.

Jumatatu tarehe 11 yule mama alifika saa moja na dakika arobaini. Alisikiliza somo, akapimwa uzito, presha, mkojo. Akamwaga pakiti mezani tukahesabu pamoja. Nilimpa vidonge 30 tarehe 11 Julai, vilipaswa kuwa vimeisha, vimebaki 11. Akacheka kwa aibu. Vinamchafua roho, akasema, akivimeza na chai ya asubuhi. Chai yenyewe inazuia mwili kuyachukua yale madini ya chuma, kwa hiyo tumehamishia usiku, baada ya chakula, kwa maji. Akanywa SP yake ya tatu kwa chupa yake mwenyewe.

Nikaandika tarehe inayofuata kwenye kadi nikamgeuzia aione. Jumatatu, tarehe 8 Septemba.

“Nane tena, sista?”

“Nane ya tarehe. Saa ni mbili.”

Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe pembeni: asubuhi.