Barua ya jina jipya
Jana usiku nimewaandikia wateja wetu wa simu hapa Buzuruga barua ya jina jipya la duka, maana lile la zamani watu wakilisikia wanawaza kucheleweshewa tu, mtu anaacha simu abadilishiwe kioo anaambiwa siku mbili anakuja kuipata wiki ya tatu. Mwanzo niliandika "tumekuja kivingine" basi, dada akasema hapo unaficha, fundi si yule yule? Nikafuta. Nikaandika wazi tulichelewesha, samahanini sana, wenye duka ni sisi wale wale, risiti na waranti za zamani tunazipokea, na kwenye lipa namba bado litatokea jina la zamani mpaka libadilishwe, msije mkadhani mnatapeliwa. Simu tisa zilizokwama zinatoka kwanza ndo tupandishe kibao kipya.