Nilivyoipanga upya fomu yangu ya usingizi

Fomu tuliyokuwa tukiitumia thieta kurekodi usingizi wa mgonjwa anayepasuliwa ilikuwa na gridi moja ya kuchorea presha na mapigo ya moyo, na chini yake nafasi tupu ya "Maelezo". Kila kitu kilisukumwa humo: mgonjwa alikula lini, dozi ya dawa ya usingizi ya ketamini, presha iliposhuka, alivyozinduka. Nikachukua karatasi ya A4 nikaigawa sehemu tano: tathmini kabla ya upasuaji, kuanzisha usingizi, kuuendeleza, matukio, na kuzinduka.

Kuchora mistari ni kazi ya dakika chache. Kilichonisumbua ni kuamua kipi kikae wapi, na hilo nitalieleza kwa mgonjwa mmoja, mama wa kilo 60 aliyeletwa kwa dharura, utumbo umeziba.

Kwenye tathmini niliandika yale tu ambayo yangebadilisha nitakachofanya: mapigo 118, presha 100/60, hana mzio, mdomo unafunguka vizuri, anatapika. Mwenye utumbo ulioziba huhesabiwa kuwa ana tumbo lililojaa hata kama hajala tangu jana, kwa hiyo mstari wa mwisho ulikuwa mpango: kuanzisha usingizi kwa haraka ili matapishi yasiingie mapafuni, mpira wa puani unyonye tumbo kwanza. Tathmini isiyoishia kwenye mpango mimi naiona haijakamilika.

Sehemu ya pili nimeipangia mfuatano wa saa. Ketamini miligramu 90, suksamethoniamu ya kulegeza misuli miligramu 90, mrija wa hewa namba 7, umefungwa kwenye alama ya sentimita 21 usawa wa meno, hewa inasikika pande zote mbili za kifua. Hiyo 21 nimeitengea kisanduku chake, kwa sababu ndiyo huulizwa mambo yanapoharibika.

Kuendeleza usingizi ndiko kwenye gridi: presha, mapigo na oksijeni kila baada ya dakika 5, asilimia ya isoflureni inayomweka usingizini, dripu zilizoingia, damu iliyopotea, mkojo. Hapa kuna kishawishi cha kuandika sentensi pembeni ya vitone. Nimejiwekea kanuni: kipimo kikipanda au kushuka ndani ya niliyoyatarajia, kitone kinatosha. Kikinilazimisha kufanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango, naweka namba ndani ya duara juu ya gridi, na maelezo yanahamia sehemu ya nne chini ya namba hiyo hiyo.

Kwa mama huyu, daktari mpasuaji aliomba meza iinamishwe upande wa kichwa. Baada ya muda oksijeni ikateremka kutoka 98 hadi 91. Nikaandika hivi: "① 10:45. Oksijeni 91. Kifua cha kushoto hakipitishi hewa, mrija unasoma 24. Umevutwa hadi 21, umefungwa upya. 10:48 oksijeni 97, pande zote zinasikika." Mambo manne: saa, nilichokiona, nilichokifanya, mgonjwa alivyoitikia. Meza ikiinama hivyo, tumbo huyasukuma mapafu kuelekea kichwani, na ncha ya mrija inaweza kuingia njia ya hewa ya pafu la kulia peke yake. Mrija ukiteleza pia, hali inazidi. Kwa kulinganisha 21 ya sehemu ya pili na 24 ya sehemu ya nne, msomaji anaona mara moja kwamba mrija ulikuwa mahali pake mwanzoni, ukasogea baadaye. Kwenye "Maelezo" ya zamani, namba hizo mbili zingekuwa zimetenganishwa na habari za dripu.

Saa zote naandika za mashine, 10:45, kamwe si saa nne na dakika arobaini na tano. Wodini wapo wanaoandika kwa saa za Kiswahili, na faili likikutana na fomu, tofauti ya saa sita inaweza kumfanya mtu atoe dawa ya maumivu mapema mno.

Sehemu ya kuzinduka inaanza kwa kurudia matukio yanayohitaji kufuatiliwa. Kwa mama huyu: "Angalia ①. Sikiliza kifua cha kushoto, oksijeni kwa barakoa." Kisha fahamu, pumzi, presha, maumivu, kutapika, na jina la muuguzi aliyempokea pamoja na saa. Muuguzi mmoja aliniambia, "Kaka, mimi naanza kusoma hapa, sirudi juu mpaka nione duara." Nikaihamishia sehemu hiyo nyuma ya karatasi, juu kabisa, asilazimike kuitafuta.

Kuna hali moja fomu hii haiimudu vizuri. Ukiwa peke yako na mgonjwa amebadilika ghafla, mikono haina nafasi ya kalamu. Hapo naandika duara na saa tu, hata kwenye plasta iliyobandikwa mashineni, na maelezo nayajaza mgonjwa akitulia, nikiongeza "imeandikwa 11:20". Gridi ya dakika zile naiacha wazi kama mashine haikuhifadhi vipimo. Vitone vya kukisia siweki.