Nilivyoondoa harufu ya udi kwenye chupa kabla ya kuijaza marashi mapya

Wiki mbili kabla ya harusi ya mpwa wangu hapa Mombasa, nilichukua chupa ya kioo ya mililita 50 ambayo mama alikuwa amemaliza manukato yake ya udi, nikaisuuza kwa sabuni na maji ya bomba, nikaianika juani kwa nusu saa, kisha nikaijaza marashi mepesi ya asumini niliyoyachanganya mwenyewe kwa mafuta na spiriti. Asubuhi yake marashi yaliyokuwa yamekaa safi yalikuwa yamegeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilipojipulizia mkononi, asumini ilinukia dakika chache tu, kisha udi wa mama ukapanda juu yake. Nusu tola ya mafuta, ambayo ni takriban mililita 6, ilikuwa imeharibika.

Niliipeleka chupa ile kwa mzee anayeuza mafuta mazuri Mji wa Kale, ambaye familia yetu imenunua kwake miaka mingi. Aliiinua kuelekea mwanga wa mlangoni, akaitikisa kidogo, akafungua na kunusa mdomo wa chupa, halafu akauchomoa mrija wa kipulizio na kuunusa peke yake.

"Mwanangu, hapa una makosa mawili, wala usiyachanganye," aliniambia. "Weupe huu umeletwa na maji. Udi huu umekaa kwenye mrija."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifundisha kazi yote, kwa sababu kabla ya hapo nilidhani chupa chafu ni chafu tu, na dawa yake ni kuosha zaidi.

Nianze na maji. Mafuta ya manukato huyeyuka vizuri katika spiriti kali, lakini hayayeyuki katika maji. Maji yakiingia ndani ya mchanganyiko, hata kama ni matone yaliyojificha kwenye pembe za chini ya chupa, nguvu ya spiriti ya kuyashika mafuta hupungua, na mafuta hujitenga kwa vitone vidogo mno ambavyo macho huviona kama weupe. Chupa yenye shingo nyembamba haikauki kwa nusu saa, hata kwa jua la Pwani, kwa kuwa mvuke wa maji hauna pa kutokea kwa urahisi. Tena maji ya visima vya huku kwetu mengi yana chumvi, na yakikauka ndani ya kioo huacha madoa meupe ambayo mtu hudhani ni mabaki ya sabuni.

Harufu ya zamani ni jambo jingine kabisa. Kioo chenyewe hakinywi manukato. Kikisafishwa sawasawa hakibaki na kitu, na ndiyo maana chupa ya kioo inafaa kutumiwa tena mara nyingi. Lakini kipulizio kina mrija wa plastiki, kina vipande vya mpira vinavyozuia kuvuja, na kina chemba ndogo ya pampu ambayo hubaki na kimiminika hata chupa ikiwa tupu. Plastiki na mpira hufyonza harufu nzito, hasa udi, miski na ambari, kisha huzirudisha polepole kwenye marashi mapya. Unaweza kuosha kioo siku nzima, ukarudisha kipulizio kilekile, na udi ukarudi nacho.

Kwa hiyo nilianza upya, na hivi ndivyo nilivyofanya na chupa ileile.

Nilimwaga kilichokuwemo, nikatenganisha kipulizio na chupa, na kila kimoja kikaoshwa peke yake. Chupa niliitia maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na harufu kali, na kijiko kidogo cha mchele mbichi, nikaziba mdomo kwa kidole na kuitikisa kwa dakika mbili. Mchele hufika kwenye pembe ambazo brashi haifiki, na haukwaruzi kioo. Sikutumia maji yanayochemka, kwa sababu kioo kinene cha chupa za manukato hakipashiki joto kwa usawa na kinaweza kupasuka mkononi. Baada ya kusuuza mpaka povu likaisha kabisa, nilisuuza mara ya mwisho kwa maji ya sindano yanayouzwa katika maduka ya dawa kwa vichupa vya mililita 10, maana hayana chumvi wala chokaa. Kuna wanaotumia maji ya betri kwa kazi hii. Mimi siyakaribishi nyumbani, kwa kuwa chupa yake hufanana na ya asidi ya betri, na kosa la kuchukua isiyo yake ni kosa la kuungua.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoiruka mara ya kwanza. Nilitia mililita 5 za spiriti safi, nikaizungusha chupa ili spiriti iguse kila upande, nikaimwaga, nikarudia mara moja zaidi. Spiriti huchanganyika na maji, kwa hiyo inapotoka hutoka na maji yaliyobaki, na wakati huohuo huyeyusha utando wa mafuta ambao sabuni imeuacha. Kisha chupa ilikaa imepinduliwa juu ya kitambaa safi, ikiegemea pembeni ili hewa ipite, kwa muda wa saa 24.

Hapa sina budi kusema juu ya spiriti yenyewe, kwa sababu ndipo penye hatari. Ninayotumia ni ethanoli ya asilimia 96 inayouzwa kwa watengenezaji wa manukato, na muuzaji anaweza kuniambia ni kitu gani hasa. Spiriti ya viwandani, ile ya kuwashia majiko na kusafishia rangi, inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu kwa kunywa, kwa kuvuta mvuke na hata kwa kupita kwenye ngozi, na inaweza kumpofusha mtu. Haipaswi kukaribia kitu kitakachopuliziwa shingoni. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo mara nyingi huongezewa vitu vingine vyenye harufu au mafuta, kwa hiyo huacha doa na kuharibu marashi. Klorini ya kufulia nguo nyeupe isiwekwe kabisa kwenye chupa hizi, kwani ikikutana na ethanoli hutoa kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwa mojawapo. Na kazi yote hufanywa dirisha likiwa wazi, jiko likiwa limezimwa, bila mshumaa wala chetezo cha udi karibu. Mvuke wa ethanoli hushika moto kwenye joto la kawaida la chumba, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa mezani mpaka ukakuta moto usioutarajia.

Kipulizio nilikijaribu kwanza kabla ya kukata shauri. Nilikichovya katika kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sabuni na kukibonyeza mara 30, nikafanya hivyo kwa maji safi, kisha kwa spiriti mara 15. Baadaye nilipulizia spiriti hiyo kwenye karatasi nyeupe na kuiacha saa nzima. Saa hiyo ina maana yake. Ukinusa papo hapo, spiriti inafunika kila kitu na utadhani umefaulu, ilhali udi na miski ni harufu za chini, zinazotokea baada ya zile nyepesi kuruka. Baada ya saa moja karatasi yangu ilinukia udi waziwazi. Nilirudia zoezi lote kesho yake, na bado ulikuwepo, hafifu lakini upo. Basi nilikubali kwamba kile kipulizio kitabaki cha udi, nikakihifadhi kwa manukato ya mama ya baadaye, na nikanunua kingine.

Kununua kipulizio kipya hakuna ugumu ikiwa chupa ni ya kufunguliwa kwa kuzungusha, ila shingo hutofautiana kwa milimita chache, kwa hiyo nilikwenda na chupa yenyewe dukani na kukijaribisha palepale. Mrija wake ulikuwa mrefu mno. Niliukata kwa mkasi kwa mshazari, ukafika kwenye pembe ya chini ya chupa bila kupinda. Ukiukata bila mshazari, ncha inaweza kuziba dhidi ya kioo na pampu ikavuta hewa tupu. Kabla ya kutia marashi, niliweka spiriti kidogo, nikakaza kipulizio, nikailaza chupa juu ya karatasi usiku kucha. Asubuhi spiriti ndani ya chupa ilikuwa haijapungua, wala karatasi haikuwa na alama ya unyevu.

Katika kujaza, mzee aliniongezea jambo moja: nijaribu matone matatu ya mafuta katika mililita moja ya spiriti kwanza, ndani ya kikombe kidogo cha kioo. Mafuta mengine yamezimuliwa kwa mafuta mengine mazito ambayo hayayeyuki katika spiriti, na hayo hukaa chini kama asali na kuziba pampu. Yangu yalibaki safi. Nikatia mililita 6 za mafuta ya asumini, kisha mililita 34 za ethanoli kwa sirinji, jumla 40, yaani asilimia 15 ya mafuta, na nafasi ya hewa ikabaki juu kwa ajili ya joto linapopanda. Mafuta matupu yasiyochanganywa siyaweki kwenye kipulizio hata siku moja. Hayo yana chupa zake za gololi.

Chupa zenye shingo iliyobanwa kwa pete ya bati ni habari nyingine. Nilijaribu moja kwa koleo, nikaikunjua pete kidogo kidogo, na mdomo wa kioo ukameguka kipande kama punje ya chumvi. Kipande kile kingeweza kuwa ndani, na mdomo uliomeguka haukazi tena. Niliitupa, nikiwa nimeifunga kwa gazeti ili mzoa taka asijikate, na tangu siku hiyo chupa za aina hiyo hazijazwi kwangu.

Vichupa vidogo vya safari vya mililita 5, vinavyojazwa kwa tundu la chini, navyo navitumia, lakini kila kimoja kina manukato yake na hakibadilishwi, kwa sababu pampu yake haifunguki kuoshwa.

Chupa ya mama ilikwenda harusini ikiwa na asumini tupu. Niliibandua lebo yake ya zamani yote, nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika: asumini, ethanoli, tarehe ya kujaza, si ya kunywa. Inakaa kabatini juu, mbali na jua na mikono ya watoto, na leo asubuhi niliitazama dhidi ya dirisha, ikawa bado safi.