Vita ipo, uhalifu wa kivita haupo

Nasoma sheria kwa masafa huku nikiandika stakabadhi kwenye ghala la korosho, Masasi. Jaribio la kwanza la sheria ya jinai ya kimataifa nilipata 9 kati ya 30. Niliandika kwamba mauaji ya kimbari ni watu wengi mno kuuawa, makosa dhidi ya ubinadamu ni wachache kidogo, na uhalifu wa kivita ni chochote kinachotendeka vita ikiwapo. Mwalimu akaandika pembeni: "Idadi si kipimo. Soma Akayesu."

Nikaisoma usiku, kurasa chache kila siku. Ni hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba. Aprili 1994 aliuhimiza umati uliokusanyika Gishyeshye umwangamize adui, kwa jina ambalo wasikilizaji walielewa kuwa ni Watutsi. Baadaye wanawake walibakwa kwenye ofisi yake; naye aliyekuwa na mamlaka ya kuzuia aliacha yaendelee, na majaji wakahesabu hilo kuwa ni kusaidia.

Nyuma ya stakabadhi iliyoharibika nikachora safu tatu, nikayapitisha matendo hayohayo kila safu.

Kimbari ilidai nia: kuangamiza, lote au sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini, kwa sababu tu ni kundi hilo. Nia haishikiki mkononi, kwa hiyo majaji waliitafuta kwenye maneno yake na kwenye namna Watutsi walivyochaguliwa kuuawa. Akatiwa hatiani.

Makosa dhidi ya ubinadamu hayakuhitaji nia hiyo. Yalihitaji shambulio dhidi ya raia, lililoenea au lililopangwa, na mshtakiwa ajue kuwa kitendo chake ni sehemu yake. Hapo pia akatiwa hatiani.

Safu ya tatu, uhalifu wa kivita, ndiyo iliyonitoa jasho, maana shtaka hilo aliachiwa. Nikamsimulia mzee wa mizani.

"Mwanangu, kwani vita haikuwapo?"

"Ilikuwapo, mzee. Serikali na waasi wa RPF walikuwa wanapigana."

"Sasa?"

Majaji walisema haikuthibitishwa kwamba alitenda kwa niaba ya upande mmoja wa vita. Mwaka 2001 majaji wa rufani wa mahakama hiyohiyo wakasema hapo wenzao walikosea: si lazima mshtakiwa awe mtu wa jeshi au wa serikali, ila lazima kitendo kifungamane na vita. Hata hivyo kuachiwa kwake hakukutenguliwa, kwa kuwa mwendesha mashtaka aliomba sheria iwekwe sawa tu.

Kwenye mtihani likaja swali la mwenye duka anayemuua jirani kwa ugomvi wa kiwanja, mapigano yakiendelea mjini. Zamani ningeandika uhalifu wa kivita bila kufikiri. Safari hii niliandika: mauaji ya kawaida, mahakama ya nchini inatosha, lakini kama mwenye duka aliwatumia wapiganaji kumtoa jirani, au alimwua kwa sababu ni wa upande wa pili, turudi safu ya tatu.