Mchemraba Uliopungua Uzito

Mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi chuo kilitutaka tuchague mkondo: usanifu wa miundo, usimamizi wa ujenzi, au vifaa na udongo. Mimi nilikuwa nimeshajichagulia usimamizi wa ujenzi kabla hata fomu haijatoka. Kwa wanafunzi wenzangu, injinia ni mtu wa saiti mwenye kofia ngumu kichwani na simu isiyotulia. Ule mkondo wa vifaa na udongo tuliuona wa wale ambao alama zao zimewabana.

Kwa bahati fomu ilikuwa irudishwe baada ya likizo ndefu, na likizo ile tulipaswa kwenda mafunzo kwa vitendo. Nikapokelewa kwenye jengo la ghorofa kadhaa lililokuwa limeanza kutoka msingini, pamoja na kijana mmoja wa darasa letu.

Siku za mwanzo hazikunifundisha lolote kuhusu kazi. Nilitoa nakala za michoro, nikahesabu mifuko ya saruji stoo, nikaagizwa kumwita huyu na yule. Wanafunzi wengi humaliza mafunzo yao hivyo hivyo, kisha wakirudi wanasema kazi fulani inachosha, au ni tamu. Ukweli ni kwamba hawajaigusa. Wamegusa kazi ya tarishi katika ofisi ya watu wa fani hiyo, na kazi ya tarishi haina tofauti kubwa kati ya ofisi ya mhandisi na ya mwanasheria.

Nilimfuata injinia wa saiti nikamwambia, "Mheshimiwa, naomba kitu kimoja ambacho kikiharibika nitaulizwa mimi." Akanitazama kidogo, akafungua droo, akanipa daftari la zege. Kuanzia siku ile kila lori la zege lililoingia, mimi na mwenzangu tulilipima na kuchukua sampuli, na kila mstari wa daftari ulikuwa na saini ya mmoja wetu.

Kipimo chenyewe ni cha kizamani na hakihitaji umeme. Kuna koni ya chuma iliyo wazi juu na chini, urefu wake milimita 300, upana wa chini 200 na wa juu 100. Unaisimamisha juu ya bamba lililolowanishwa, unakanyaga masikio yake isitikisike, unajaza zege kwa tabaka tatu, na kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma. Unasawazisha juu, kisha unainua koni wima, taratibu lakini bila kuzubaa. Zege likibaki peke yake linajishusha, na wewe unapima limeshuka milimita ngapi. Kwenye mchoro wetu nguzo zilitakiwa zipate mshuko wa milimita 75, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua 25.

Asubuhi moja lori lilichelewa sana njiani. Nilipoinua koni, zege halikujishusha, lilitawanyika bambani kama uji. Mtu hahitaji rula kujua hapo pana maji ya ziada, ila nilipima, ikaja karibu 200. Msimamizi wa mafundi, mzee aliyemwaga zege tangu sijazaliwa, akanisogelea. "Binti, zege laini ndilo linaloingia vizuri kati ya nondo. Andika 100 tumalize." Nikamwambia nimeshaandika. Injinia akaitwa, dereva akakiri aliongeza maji kwenye pipa lisije likamgandia, na lori likarudishwa.

Kilichofuata ni saa nzima ya vurugu. Vibarua wamelipwa kuja, vaibreta za kushindilia zege zinanguruma bure, kampuni ya zege haipokei simu, mbao za nguzo zimeshafungwa. Mwenzangu alichangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Akashika simu, akapanga upya nani aende kusuka nondo za ghorofa ya pili, akambembeleza mzee aliyenuna, akapata lori jingine kabla ya mchana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya lile zege lililotapakaa, nikitaka kujua dereva aliongeza lita ngapi na nguvu ingepungua kwa kiasi gani. Nilimuuliza hadi akakasirika.

Sikulipa uzito tukio lile wakati ule. Nilidhani ni tabia tu, yeye msemaji na mimi mkimya. Kilichonigutusha kilitokea maabara.

Kila zege linapomwagwa, sehemu yake hujazwa kwenye vyuma vya mchemraba, milimita 150 kila upande. Kesho yake michemraba inatolewa, inazamishwa kwenye maji, na mingine inavunjwa ikiwa na siku 7, mingine siku 28. Ile ya siku 28 ndiyo yenye neno la mwisho. Maabara ilikuwa mbali na saiti, na kwa kuwa daftari lilikuwa langu niliomba niandamane na michemraba badala ya kusubiri karatasi ya majibu.

Fundi sanifu wa maabara, mama mmoja mtaratibu, aliuweka wa kwanza kwenye mashine. Ukavunjika kwa kilonyutoni 640. Eneo la uso ni milimita za mraba 22,500, kwa hiyo ukigawa unapata nyutoni 28 na kidogo kwa kila milimita ya mraba. Tulihitaji 25. Wa pili ukatoa 625, salama. Wa tatu ukakata tamaa kwenye 445, yaani chini ya 20. Yote mitatu ilitoka lori moja, siku moja, na nguzo zilizomwagwa kwa zege hilo zilikuwa tayari zimebeba sakafu.

Nikashika simu nimpigie injinia. Yule mama akanizuia kwa mkono. "Mwanangu, kabla ya kusema nguzo ni mbovu, soma uzito." Kumbe alikuwa ameipima yote kabla ya kuivunja, na mimi nilidhani ni utaratibu tu wa kujaza fomu. Miwili ya kwanza ilikuwa na kilo 8.1 kila mmoja, na wa tatu 7.7. Vipimo vya pande vilikuwa sawa, kwa hiyo kilichopungua si ukubwa. Ni zege lenyewe, na nafasi yake imekaliwa na hewa. Upungufu wa asilimia 5 unaonekana mdogo, lakini hewa ya asilimia 5 ndani ya zege hupunguza nguvu kwa kama asilimia 30. Chukua 28, ondoa asilimia 30, unaangukia pale pale kwenye 20.

Akaniita nitazame vipande. Ile miwili ilikuwa imepasuka kuta zote nne kwa usawa, katikati pakabaki umbo lililobanwa kiunoni, na huko ndiko kuvunjika kunakotakiwa. Wa tatu ulikuwa umemomonyoka kona moja, na ndani ya kona hiyo kulikuwa na vitundu ambavyo kidole kidogo kingeweza kuingia. Nikafungua daftari. Mchemraba ule ulijazwa na saidia fundi wakati lori linaondoka, na haukushindiliwa vya kutosha. Kosa lilikuwa la sampuli, si la nguzo.

Injinia hakuridhika na mizani peke yake, akaagiza nguzo zigongwe kwa ile nyundo ya kupimia ugumu wa uso na zilinganishwe na za jirani. Hazikutofautiana. Lakini mimi jioni ile nilikuwa bado nageuza vipande, na nilichelewa usafiri.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku fomu niliyokuwa nimeijaza kichwani. Ila sikutaka kukimbilia. Kwanza, bosi wa saiti yetu alikuwa mtu wa kufoka, na huenda nilichokichukia ni yeye wala si usimamizi wa ujenzi. Mafunzo ya mahali pamoja yana kasoro hiyo: kazi na watu wake huja katika kifurushi kimoja, na mwanafunzi hajui ni kipi kilichomchosha. Pili, maabara nilikuwa nimeonjeshwa siku yenye fumbo. Nani asiyependa fumbo?

Likizo ilipobakiwa na wiki chache niliomba kujitolea kwenye saiti nyingine, ndogo, ambayo watu wake walikuwa wapole kupita kiasi. Walinipa hata nafasi ya kupanga kazi za siku. Nilifurahia watu. Kazi haikunivuta. Kusubiri nondo, kubembeleza fundi, kuhesabu vichwa asubuhi, ukifika jioni huna jibu la swali lolote ila umevuka siku. Basi si ukali wa yule bosi.

Baada ya hapo nikarudi maabara na kumwomba yule mama anipe kazi isiyotakiwa na mtu. Akacheka, akaniweka kwenye mchanga. Unaukausha kwenye tanuri hadi uzito usibadilike tena, unaupitisha kwenye chekeche zilizopangwa kutoka matundu makubwa hadi madogo, unapima kilichobaki kwenye kila chekeche, unachora mstari wa mtawanyo wa ukubwa wa chembe, unaosha chekeche kwa brashi, unaanza mchanga mwingine. Jumla ya uzito wa chekeche zote isipolingana na uliouweka mwanzoni, unarudia. Vumbi tupu, na hakuna fumbo lolote. Nikamuuliza, si kama anaipenda kazi yake, maana swali hilo watu hulijibu kwa adabu, bali jana alifanya nini tangu alipofika hadi alipotoka. Alitaja chekeche, tanuri, kusahihisha mizani, mabishano ya simu na mkandarasi aliyetaka majibu mazuri zaidi, na saa mbili za kuandika. Mchemraba wenye matatizo hakuutaja, kwa sababu jana haukuwepo.

Nilikaa na mchanga ule hadi chuo kilipofunguliwa. Nilichoshwa, hilo silifichi, lakini nilipokuta jumla imepungua kwa gramu chache nilitaka kujua zimepotelea wapi, na kwenye saiti sikuwahi kutaka kujua mtu aliyechelewa alikuwa wapi.

Yapo ambayo sikuyaona. Mwanafunzi haulizwi na mteja kwa nini gharama imepanda, wala hasaini ripoti itakayofikishwa mahakamani. Mabishano na mkandarasi niliyasikia upande mmoja wa simu tu, na nilipokuja kuajiriwa ndiyo yaliyonisumbua kuliko vumbi.

Siku ya kurudisha fomu nilikutana na mwenzangu kwenye foleni. Alikuwa ameingia likizo akiwa na mpango wa usanifu wa miundo, maana hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Akanionyesha karatasi yake: usimamizi wa ujenzi. Nikamwonyesha yangu, akaniuliza, "Vifaa na udongo? Kwa alama zako?" Nikamwambia ndiyo, akasogea mbele ya foleni.