Insha ya kikundi iliyorudishwa: jinsi nilivyoiandika upya

Mwalimu alinirudishia insha yangu kuhusu jinsi kikundi chetu kilivyofanya kazi, na swali moja pembeni: "Na wewe ulikuwa wapi?" Tulikuwa watano, tukichunguza takataka za soko la Kadutu, hapa Bukavu. Niliandika kwamba wenzangu walichelewa, kisha nikabandika kama mapambo tu hatua ambazo mwanasaikolojia Tuckman alieleza mwaka 1965 kwamba vikundi hupitia: kuundwa, kuvurugana, kuwekeana kanuni, kutenda.

Nikafungua ujumbe wetu wa simu, nikafuata tarehe. Wiki mbili za kwanza hakuna aliyenipinga, nami nikaiita hiyo hatua ya kanuni. Kumbe tulikuwa bado tunaoneana haya. Usiku mmoja nilifuta sehemu ya mwenzetu, nikaiandika upya bila kumwambia. Kesho yake akaacha kujibu. Mvurugano ulianzia hapo, na mwanzilishi ni mimi.

Nikaandika hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba tulipopatana kila mtu asahihishe kurasa zake tu, kazi ilisonga. Lakini alipoingia mtu wa sita tukarudi kugombana, kwa hiyo hatua hizo si ngazi ya kupanda mara moja. Safari hii pembeni palibaki peupe.