Kichanga mpole wa Ijumaa: uzoefu wangu na ampisilini na jentamisini

Kilichonishtua siku ile ni maneno ya bibi. Alikaa benchi la nje ya chumba cha kliniki, mjukuu kamkumbatia ndani ya kanga mbili, akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto ni mpole sana. Tangu jana hasumbui kabisa." Mama mtoto yeye alikuja kwa ajili ya maziwa, yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Hakuna aliyesema mtoto anaumwa.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya kijijini, mkoa wa Tanga. Mtoto wa siku nne asiyesumbua, na mama maziwa yamejaa: ukiweka mambo hayo mawili pamoja, unaelewa kwamba mtoto hanyonyi. Nikamwomba mama amweke titini mbele yangu. Alishika chuchu, akavuta mara mbili, akalala. Tukamwamsha kwa kumsugua nyayo, akafungua macho, akavuta mara moja, akaachia. Mkono nilipouinua na kuuachia ulianguka kama kitambaa.

Kwa watu wengi, hata kwa baadhi yetu wenye sare, uambukizi wa damu ni joto kali. Kichanga hana nguvu hiyo. Mara nyingi anapoa. Nilibana kipimajoto kwapani, kikasoma 35.2, na chini ya 35.5 ni dalili ya hatari sawa na 38. Kisha nikafunua kifua nikahesabu pumzi kwa saa ya ukutani, dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa sababu kichanga hupumua haraka kidogo, akatulia, akaanza tena, na nusu dakika inaweza kukudanganya. Nikapata 64. Nikasubiri kidogo nikahesabu tena, 66. Sitini na kuendelea ni nyingi. Kifua kilikuwa hakijaanza kubonyea, degedege hakuna, kitovu kikavu bila wekundu.

Mama nilimuuliza swali moja tu la uzazi: chupa ilipasuka lini? Akasema Jumapili asubuhi, akajifungua Jumatatu usiku. Maji yakivuja zaidi ya saa 18 kabla ya mtoto kutoka, vijidudu vya njia ya uzazi vinapata nafasi ya kupanda. Hapa zilipita zaidi ya 30. Bibi akaongeza kwamba alimpa dawa ya mchango ya mizizi, kijiko kimoja. Sikumgombeza. Wakati wa kugombana na bibi haukuwa huo, na nilihitaji amshike mtoto.

Huyu alikuwa wa kupelekwa hospitali ya wilaya, hilo halikuwa na mjadala. Lakini gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mama mwingine, na hata likiwepo, barabara yetu ni saa mbili kukiwa kukavu. Dozi ya kwanza ya sindano haingoji gari. Tunatoa dawa mbili kwa pamoja, ampisilini na jentamisini, kwa kuwa kwa siku hizo za mwanzo huwezi kujua nani kaingia kwenye damu. Ampisilini inashughulika zaidi na jamii ya streptokoki, jentamisini inawafuata wale wa tumboni kama ikoli na klebisiela. Zikifanya kazi pamoja zinasaidiana.

Uzito ndio kila kitu hapo. Kadi ya zahanati aliyojifungulia iliandika kilo 2.8. Nilimpima upya, kwanza nikaweka kanga peke yake kwenye mizani nikairudisha kwenye sifuri, kisha mtoto bila nepi. Kilo 2.6. Kupungua gramu 200 kwa siku ya nne si ajabu kwenyewe, watoto wengi hupungua kabla hawajaanza kupanda, ila dozi nilipiga kwa uzito wa mizani ya siku ile.

Ampisilini ni mg 50 kwa kila kilo, kwa hiyo 50 mara 2.6, mg 130. Kichupa chetu kina unga wa mg 500. Tunatia maji ya sindano mililita 2.1, siyo 2.5, kwa sababu unga wenyewe unachukua nafasi. Ukishayeyuka unapata mililita 2.5 kamili, yaani mg 200 katika kila mililita. Mg 130 ni mililita 0.65. Hiyo niliivuta kwa bomba la mililita moja, lile lenye mistari midogo, nikaiweka kwenye trei.

Jentamisini kwa mtoto wa chini ya siku saba mwenye kilo mbili au zaidi ni mg 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Angekuwa chini ya kilo mbili ingekuwa mg 3. Tano mara 2.6 ni mg 13. Kwa miaka yote niliyokaa pale, ampuli zetu zilikuwa za mg 20 ndani ya mililita 2, yaani mg 10 kwa mililita. Kwa hiyo kichwani mwangu jibu lilikuja lenyewe: mililita 1.3. Nikavunja ampuli, nikavuta 1.3, nikatoa hewa, nikageukia paja la mtoto.

Tulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, binti mkimya, wiki yake ya pili. Mimi nina kawaida ya kumwambia mwenzangu anisomee ampuli kwa sauti kabla sijachoma, na kusema kweli siku nyingine naruka nikiwa na haraka. Siku ile sikumwambia. Yeye ndiye aliyeokota ile chupa iliyovunjwa, akaisoma polepole, "Jentamisini, themanini, mililita mbili." Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, themanini."

Bohari ilikuwa imetuletea mzigo mpya wiki ile, ampuli za mg 80 ndani ya mililita 2 zile zile. Ukubwa wa chupa ule ule, maji meupe yale yale, hata maandishi madogo yale yale. Kwenye bomba mkononi mwangu hakukuwa na mg 13. Kulikuwa na mg 52. Mara nne. Jentamisini haina huruma kwa figo za kichanga na kwa masikio yake, na sikio likiharibika halirudi.

Nilitupa lile bomba kwenye boksi la sindano nikaanza upya, mikono ikitetemeka kidogo, sioni haya kusema. Ampuli ya mg 80 inafanyiwa hivi: unavuta mililita 2 zote kwenye bomba la mililita 10, unaongeza maji ya sindano mililita 6, unapindua bomba taratibu mpaka vichanganyike. Sasa una mg 80 kwenye mililita 8, yaani umerudi kwenye mg 10 kwa mililita, na hapo 1.3 yangu ikawa sahihi. Wapo wenzangu wanaopendelea kuchoma bila kuzimua, wanasema ujazo ni mdogo na paja la mtoto halijai. Ni kweli, ingekuwa mililita 0.33 hivi. Lakini kwa dawa iliyo kali hivyo, mstari mmoja mdogo wa bomba ukiuvuka umeshamwongezea, na mimi naona bora paja livimbe kidogo.

Ampisilini paja la kushoto, jentamisini la kulia. Haziingii kwenye bomba moja hata ukiwa na mabomba machache kiasi gani, maana zikikutana humo ampisilini inaidhoofisha jentamisini. Alipochomwa sindano ya pili alilia, sauti nyembamba, na mama akalia pia.

Sukari ilisoma 2.1, na chini ya 2.5 ni pungufu. Kwa kuwa hakuweza kunyonya, mama alikamua maziwa kwenye kikombe, tukapitisha mililita 20 kwa mpira wa puani, taratibu. Kisha mtoto akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu yao wote wawili, akasafiri hivyo hivyo. Pikipiki haikuwa chaguo. Gari lilirudi baada ya saa moja na robo.

Barua ya rufaa niliiandika mwenyewe, sikumwachia mtu. Niliwahi kumpeleka mtoto hospitali moja na barua isemayo "amepewa dozi ya kwanza", bila saa, bila kiasi. Walipompokea jioni wakampa jentamisini tena, dozi ya kutwa nzima mara mbili ndani ya siku moja. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lao. Safari hii niliandika: uzito kilo 2.6, ampisilini mg 130 saa 4:40 asubuhi, inayofuata saa 4:40 usiku. Jentamisini mg 13 saa 4:45 asubuhi, inayofuata kesho saa hiyo hiyo. Nikaandika na joto, pumzi, sukari, na saa ya kupasuka chupa.

Hospitali walichukua damu kuotesha, na haikuota kitu. Hilo halikunishangaza, dawa ilikuwa imeshatangulia mwilini. Hawakuiacha dawa kwa sababu hiyo, mtoto alikuwa na dalili tosha. Maji ya uti wa mgongo yalitoka safi. Yangekuwa machafu matibabu yangeenda wiki tatu. Mama alinipigia simu siku ya tatu tangu waondoke, sauti ina wasiwasi: "Nesi, wamemwongezea sindano, kwani hali imekuwa mbaya?" Nikamuuliza ananyonyaje. Akasema ananyonya mpaka anakohoa. Nikamweleza kwamba mtoto ametimiza siku saba, figo zimekomaa kidogo, na kuanzia hapo ampisilini hutolewa kila saa nane na jentamisini hupanda kuwa mg 7.5 kwa kilo. Angekuwa bado amelegea baada ya siku mbili tatu, wasingeongeza hizo, wangebadilisha dawa kabisa. Walimaliza siku kumi wakarudi nyumbani, na nilimpa mama tarehe ya kumrudisha mtoto akapimwe kusikia.

Mlangoni mwa kabati la dawa nilibandika karatasi kwa kalamu nyekundu: "JENTAMISINI MG 80: ONGEZA MAJI MILILITA 6". Ilikaa miezi. Mwezi uliopita nilikuta mzigo mpya umefika, boksi limefunguliwa tayari. Zilikuwa za mg 20. Anayefuata ile karatasi na ampuli hizo angepata mg 2.5 kwa mililita, na mtoto wa kilo 2.6 angechomwa mg 3 na kidogo, akasafiri saa mbili na dawa ambayo haimtoshi. Nimeibandua. Sasa karatasi iliyopo inasema "SOMA AMPULI KWA SAUTI", na yule binti, ambaye ameajiriwa kituo cha jirani, ndiye aliyeiandika alipokuja kutusalimia.